Konzi au ukufi: kwa nini kalori za "kiganja kimoja" cha karanga hazilingani

Kwenye chumba cha ushauri wa lishe nina bakuli la karanga zilizomenywa na mizani ndogo ya jikoni. Mtu akiniambia kwamba kwa siku hula kiganja kimoja tu cha karanga, simkatalii. Namwomba achote kama anavyochota nyumbani.

Mama mmoja alichota mara mbili. Mara ya kwanza, akijua natazama, alifumba vidole na zikatoka gramu 27. Nikamwomba achote tena, safari hii kama anavyofanya jioni akiwa anazungumza na watu. Akakunjua kiganja, karanga zikarundikana hadi kwenye vidole: gramu 54. Alishangaa sana, maana kwake vyote viwili vilikuwa kiganja kimoja. Kiswahili chenyewe kimezitenganisha: kinachoshikwa kwa mkono uliofumbwa ni konzi, na kinachojaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa ni ukufi.

Sasa tuzipigie hesabu. Gramu 100 za karanga kavu zina kalori zipatazo 567, yaani 5.7 hivi kwa kila gramu. Konzi ya yule mama ilikuwa na kalori 153 na ukufi wake 306. Akila ukufi kila siku huku akiandika konzi kwenye daftari lake, kwa wiki moja daftari litakuwa limepungukiwa na kalori zaidi ya 1,000.

Wengi hudhani tofauti inatokana na aina: labda korosho zinanenepesha kuliko lozi, au mbegu za maboga ni nyepesi. Kwa kweli aina hizi zimekaribiana mno. Korosho, karanga, lozi, mbegu za maboga, alizeti na ufuta zote ziko kati ya kalori 550 na 590 kwa gramu 100, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya protini au wanga ina 4. Makadamia ni miongoni mwa zinazojitenga, zikiwa na 718, kwa kuwa mafuta yake ni robo tatu ya uzito. Kwa hiyo kabla ya kuuliza umekula aina gani, uliza umekula gramu ngapi.

Kupima si kazi. Weka bakuli tupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha TARE namba irudi sifuri, kisha chota kwa mkono wako wa kawaida na umimine. Rudia mara tano, andika kila namba, halafu tafuta wastani. Mara moja haitoshi, kwa sababu mkono unaotazamwa huwa na adabu kuliko mkono uliosahauliwa. Kama una shaka na mizani, pima mililita 100 za maji. Zinapaswa kuwa karibu gramu 100.

Huna mizani? Nunua pakiti iliyoandikwa uzito, uimalize kwa kuchota kwako kwa kawaida huku ukihesabu. Pakiti ya gramu 250 ikiisha kwa viganja vitano, kiganja chako ni gramu 50. Mimi naiamini njia hii kuliko kukisia kwa macho, kwani inabeba siku zako zote, za njaa na za shibe.

Zenye maganda hudanganya mizani. Pima kabla ya kula, kisha pima maganda yaliyobaki na uyatoe. Kwenye lebo nako angalia kama namba ni za gramu 100 au za mlo mmoja, ambao mara nyingi ni gramu 28 au 30 tu. Angalia pia kama ni kilojuli: kalori moja ni kilojuli 4.2 hivi.

Kuna jambo moja ambalo mizani haioni. Mafuta ya lozi yamefungiwa ndani ya kuta ngumu za seli, na tusipozivunja kwa meno, sehemu yake hupita tumboni bila kufyonzwa. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima hilo mwaka 2012, wakakuta gramu 28 za lozi nzima zinaupa mwili kalori zipatazo 129, wakati hesabu ya kawaida husema karibu 170. Lakini lozi zikisagwa hadi kuwa siagi, punguzo hilo hutoweka. Kwa hiyo ukila nzima, chukulia namba ya lebo kuwa ya juu kidogo. Ukipaka siagi yake kwenye mkate, ihesabu yote, na pima kijiko kama ulivyopima kiganja.