Pea moja, wateja wawili: dhana potofu kuhusu kuuza mzigo ambao haupo

Alhamisi moja usiku nilijikuta na pea moja ya sendo za ngozi, saizi 38, na wateja wawili walioilipia. Dada wa Tabata aliagiza kupitia soko la mtandaoni. Dada wa Morogoro aliona posti yangu Instagram, akatuma pesa kwa simu. Kila mmoja alilipa Sh 35,000 na hakuna aliyekosea kati yao. Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na dhana ambazo bado nazisikia kwa wauzaji wenzangu.

Dhana: Ukiandika idadi ileile kila ukurasa, hesabu iko sawa.

Nilikuwa na pea 4. Nikaandika "zimebaki 4" Instagram, na sokoni nikajaza 4. Kwa macho hesabu imelingana, lakini hapo nimeshaahidi pea 8. Soko la mtandaoni hupunguza idadi pale tu oda inapopita humo humo. Halina habari na kilicholipiwa inboksi. Posti nayo ni picha na maelezo, haipungui mpaka uingie mwenyewe ubadilishe.

Halafu zile 4 hazikuwa kitu kimoja. Saizi 37 zilikuwa mbili, 38 moja, 40 moja. Kwa mtu anayevaa 38, mzigo wangu wote ulikuwa pea moja. Anayehesabu viatu kwa jumla bila kutenga saizi na rangi atauza hewa hata akiwa na ukurasa mmoja tu.

Dhana: Ukifuta tangazo, yameisha.

Picha imeshahifadhiwa kwenye simu za watu, na wanaokuuzia kwa kamisheni wameiweka kwenye status zao. Wajulishe hao kwanza, ndipo ufute.

Dhana: Mzigo ni wa aliyeuliza kwanza.

Mimi naufuata muda wa malipo, kwa sababu unathibitika. Ujumbe wa malipo una saa, na oda ya sokoni ina saa. Tabata alilipa saa 2:40 usiku, Morogoro saa 3:12. Sendo zikawa za Tabata. Ila huyu wa Morogoro alikuwa ameniuliza saa 2:15, nami nikamjibu "ipo dada, karibu" bila kuinuka kuangalia boksi. Alikuwa na haki ya kukasirika, na msamaha wangu ulipaswa kuanzia hapo.

Dhana: Mteja hutulizwa na maneno mazuri, au kisingizio kidogo.

Wengi huandika "mtandao ulisumbua" au "bodaboda amepata dharura", kisha wanakaa kimya huku wakihangaika Kariakoo kutafuta pea nyingine. Kila saa inayopita, mteja anazidi kuamini ametapeliwa. Mimi nilimpigia kwanza, kisha nikamwandikia ili abaki na ushahidi:

"Dada, samahani sana. Nilikuambia saizi 38 ipo bila kuangalia, kumbe ilibaki moja na imelipiwa kabla yako. Kosa ni langu. Naweza kukurudishia pesa yako yote sasa hivi, au ukipenda nikuwekee kwenye mzigo wa Jumanne. Chaguo ni lako."

Usimtumie rangi nyingine ukitumaini ataipokea. Na Jumanne usiitaje kama mwenye duka la jumla hajakuthibitishia kwamba saizi hiyo ipo.

Dhana: Ukirudisha kiasi kilekile, mmemalizana.

Alikatwa ada kutuma, na atakatwa tena kutoa. Kwa hiyo unarudisha Sh 35,000, pamoja na ada aliyokatwa, pamoja na ya kutolea. Alichagua pesa, nikaituma tukiwa bado tunaongea.

Kama aliyekosa mzigo ni yule wa sokoni, mambo hubadilika. Pesa ikilipwa ndani ya soko, irudishwe kwa njia ya soko hilo hilo. Ukimtumia pembeni unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Na usimwombe mteja aghairi yeye ili rekodi yako ibaki safi. Ghairi mwenyewe, uandike kwamba bidhaa imeisha.

Dhana: Dawa ni programu ya bei kubwa.

Kwangu imetosha jedwali moja kwenye simu, kila saizi na mstari wake: zilizoingia (B), zilizouzwa (C), zilizoshikwa (D). Zilizoshikwa ni zile mteja amesema "natuma sasa hivi". Nazishika saa moja, asipolipa zinarudi. Kinachobaki:

```
=B2-C2-D2
```

Namba hiyo ndiyo naigawa. Zikibaki 4 za saizi moja, sokoni naweka 2, na 2 nauza Instagram na WhatsApp. Ikibaki pea moja, naiondoa sokoni kabisa na kuiuza inboksi, ambako lazima mtu aniulize kabla ya kulipa. Na kabla sijajibu "ipo", nainuka nalishika boksi.