Kushoto kwa nani? Dhana potofu kuhusu ramani katika mtihani wa kusikiliza

Swali la ramani katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kipengele cha kusikiliza, huja zaidi katika Sehemu ya Pili, maswali ya 11 hadi 20, ambapo mtu mmoja anaelekeza wageni kwenye bustani, makumbusho au kituo cha michezo. Rekodi inachezwa mara moja tu. Watahiniwa wengi wa Mbeya na Iringa hulilaumu sikio, kumbe maneno waliyasikia vizuri. Wamekosa kwa sababu hawakujua msemaji amesimama wapi na ameelekea wapi.

Dhana: "Kushoto ni upande wa kushoto wa karatasi."

Ni kweli pale tu msemaji anapoelekea juu ya ramani. Akikata kona, kushoto kwake nako kunahama. Mkazi wa Mbeya anaweza kuupima ukweli huu kwa miguu: simama mjini ukiutazama Mlima Loleza, yaani kaskazini, na mashariki kuelekea Uyole kutakuwa mkono wako wa kulia. Sasa upe mlima mgongo. Uyole haijahama, ila iko kushoto kwako.

Tuchukue ramani ya mazoezi. Lango liko chini ya karatasi na jengo A ubavuni mwake, njia kuu inapanda hadi njia panda katikati, na hapo njia nyingine inakatiza kutoka magharibi kwenda mashariki. Katika tawi la mashariki, upande wa juu, kuna majengo C na D, kisha F kwenye kona ya mwisho. Upande wa chini kuna chemchemi iliyochorwa mkabala na D, na jengo E liko ubavuni mwa chemchemi hiyo. Tawi la magharibi lina B peke yake.

Msemaji anasema: "Ingieni langoni, nyoosheni mpaka njia panda, kisha pindeni kulia. Huduma ya kwanza ni jengo la pili kushoto kwenu, mkabala na chemchemi."

Baada ya kupinda kulia, mgeni anaelekea mashariki. Kushoto kwake sasa ni juu ya karatasi. Jengo la kwanza ni C, la pili ni D, na jibu ni D. Aliyeshika kushoto ya karatasi atakimbilia B. Kinga yake ni rahisi: weka ncha ya penseli langoni ikielekea mbele, isogeze kadiri msemaji anavyokwenda, na uigeuze kila anapokata kona. Kwenye kompyuta fanya hivyo kwa kidole, maana skrini huwezi kuizungusha.

Dhana: "Mkabala na, mbele ya na karibu na, yote ni mamoja."

Huku mtaani yanavumiliana. Kondakta akikuambia "shuka mbele ya benki" pale Kabwe, unaweza kuikuta benki hapo ulipo au ng'ambo ya barabara, na hakuna anayegombana. Kiingereza cha mtihani hakina uvumilivu huo. Kina neno la kitu kilicho ng'ambo mkitazamana, neno jingine la kilicho mbele ya jengo upande uleule, na jingine la kilicho ubavuni bila jengo lolote katikati. Aliyeyachanganya katika mfano wetu ataandika E, kwa kuwa iko karibu na chemchemi. Watunzi huiweka E hapo makusudi.

Dhana: "Ukisikia jina la mahali, andika herufi papo hapo."

Msemaji anaendelea: "Duka la zawadi wengi mnalikumbuka pale langoni. Sasa lipo mwisho wa njia hii hii, kwenye kona." Jibu ni F, lakini mwenye haraka ameshaweka herufi ya langoni. Habari ya zamani, mpango ulioachwa na jengo linalotajwa kama alama tu ni mitego ya kawaida. Weka nukta ndogo, subiri sentensi iishe, ndipo uandike.

Dhana: "Herufi zitafuatana A, B, C."

Hapana. Maswali ndiyo yanayofuata mpangilio wa rekodi, herufi zimetawanywa, na mara nyingi ni nyingi kuliko maswali. Ukipoteza swali la 16, liache na usikilize jina lililo kwenye swali la 17.

Muda mfupi wa kuangalia ramani kabla ya rekodi usiumalizie kwenye majina. Tafuta kwanza lango au alama ya mahali ulipo, kisha dira. Halafu tazama alama zilizokwisha kuchorwa, kama mto, daraja au maegesho, kwa kuwa msemaji atazishika hizo kuelekeza. Mwisho soma maelekezo: yakitaka herufi, andika herufi peke yake.