Ushuru wa vipodozi hupigwa juu ya bei gani?

"Losheni nimenunua dola 4,000. Kwa nini wakala anahesabu ushuru juu ya dola 5,000? Si ananiibia?"

Hapana. Kwa mzigo wa meli, forodha ya Afrika Mashariki hujumlisha bei ya bidhaa, nauli na bima hadi bandarini. Tuseme nauli ni 900 na bima 100: ndiyo 5,000 hiyo. Ushuru ukiwa asilimia 25 ni 1,250. VAT ya Tanzania Bara, asilimia 18, hupigwa juu ya jumla ya hizo mbili, angalau 6,250, kwa hiyo si chini ya 1,125. Tozo nyingine bado.

Ada ya wakala iko kando. Mwombe nakala ya tamko la forodha na namba ya malipo, ulipe mwenyewe benki. Akisitasita kukupa, hapo ndipo pa kuwa na shaka.