Mkataba wa kununua umeme wa jua: dhana potofu na ukweli kwa mwenye biashara ndogo

Kampuni ya umeme wa jua humjia mwenye biashara na pendekezo lenye mvuto: itafunga paneli juu ya paa lake kwa fedha zake yenyewe, itazitunza, naye atalipia uniti peke yake, kwa bei iliyo chini ya ile anayoilipa Kenya Power. Mkataba wa namna hii unaweza kumfaa sana mtu asiye na mtaji wa kununua mtambo. Hata hivyo, anachokinunua si paneli. Ananunua uniti kwa miaka 15 au 20, na karibu kila dhana potofu kuhusu mkataba huu huanzia pale mtu anapousoma kana kwamba ni wa kununua mtambo kwa awamu.

Ili hesabu zieleweke, tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha kusaga na kupakia unga mjini Thika, kinachofanya kazi mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Kimependekezewa paneli za kilowati 50. Tukikadiria kwamba kila kilowati ya paneli itazalisha uniti 1,450 kwa mwaka, mtambo mzima utatoa takriban uniti 72,500. Kwa kuwa Jumapili na sikukuu mashine hulala, tuseme kiwanda kitatumia 60,000 kati ya hizo. Bei ya pendekezo ni shilingi 14 kwa uniti, ilhali umeme wa gridi, yaani ule wa Kenya Power, unakigharimu shilingi 24, bei zote mbili zikihesabiwa kabla ya VAT.

Dhana: Bei ya ukurasa wa kwanza ndiyo tutakayolipa

Shilingi 14 ni bei ya mwaka wa kwanza tu. Katika kurasa za ndani huwa kuna kifungu cha nyongeza ya kila mwaka, na nyongeza inayoonekana ndogo hukua kwa kujirundika. Kwa asilimia 2, bei ya mwaka wa 15 itakuwa karibu shilingi 18.50, ambayo bado inabebeka. Kwa asilimia 5, mwaka wa 12 itakuwa imefika karibu shilingi 24, na mwaka wa 15 itakaribia 28. Ikiwa bei ya gridi haitapanda kwa kasi hiyo, kiwanda kitamaliza miaka ya mwisho kikilipia umeme wa paa lake kwa bei kubwa kuliko ule unaopita kwenye nguzo za barabarani.

Wauzaji hujibu kwamba umeme wa gridi hupanda bei siku zote. Jibu hilo halitoshi. Januari 2022 serikali ya Kenya iliteremsha bei ya umeme kwa asilimia 15, punguzo lililodumu mwaka mmoja, kisha mwaka 2023 Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli ikaidhinisha viwango vipya vilivyo juu zaidi. Bei ya gridi hupanda na kushuka, kwa sababu ndani ya bili kuna gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme na marekebisho ya thamani ya shilingi, na vyote viwili hubadilika mara kwa mara. Mkataba wa miaka 15 haupaswi kusimama juu ya dhana kwamba bei hiyo ina mwelekeo mmoja tu.

Sarafu nayo itazamwe kwa makini. Baadhi ya mikataba huandika bei kwa senti za dola na kuigeuza kuwa shilingi kila mwezi. Senti 11 za dola ni kama shilingi 14.20 dola inapouzwa kwa 129, lakini ni shilingi 17.60 dola inapouzwa kwa 160, kiwango ambacho shilingi ya Kenya ilikifikia mapema mwaka 2024. Kiwanda kinachouza unga kwa shilingi hakina njia ya kujikinga na mtikisiko huo. Kwa maoni yangu, biashara ndogo isiyo na mapato ya dola ikubali bei ya shilingi iliyo juu kidogo badala ya bei ya dola inayoonekana nafuu.

Zile shilingi 24 za kulinganishia nazo zinahitaji uangalifu. Zinatakiwa kuwa fedha zinazoondoka kwenye bili uniti moja inapopungua, wala si jumla ya bili iliyogawanywa kwa uniti. Wateja wakubwa wanaotozwa pia kwa kiwango cha juu cha KVA, yaani mzigo wa umeme wanaouvuta kwa wakati mmoja, walichokifikia katika mwezi wataendelea kulipa sehemu kubwa ya tozo hiyo, kwa kuwa asubuhi moja yenye mawingu mazito yatosha kukirudisha kiwango hicho juu.

Dhana: Tutalipia uniti tulizotumia tu

Hili ndilo eneo linalowaumiza wengi, kwa sababu maneno ya mdomo na maneno ya mkataba hutofautiana. Mikataba mingi hutoza uniti zilizozalishwa, au zile ambazo mtambo ungeweza kuzalisha kama mteja angekuwa na matumizi. Siku ya Jumapili mashine za Thika zimezimwa, lakini jua linawaka.

Kiwanda kikilipia uniti 60,000 kilizotumia, kitaokoa shilingi 10 kwa kila uniti, yaani shilingi 600,000 kwa mwaka wa kwanza. Kikilipia zote 72,500, kitalipa shilingi 1,015,000 ili kuepuka bili ya gridi ya shilingi 1,440,000, na akiba itashuka hadi 425,000. Kifungu kimoja kimeondoa shilingi 175,000. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 kuhusu kurudisha umeme kwenye gridi hazilizibi pengo hilo lote, kwa sababu mteja aliyeidhinishwa huhesabiwa nusu ya uniti kwa kila uniti anayoirudisha. Nusu hiyo ina thamani ya shilingi 12 hivi, naye ameinunua uniti nzima kwa 14.

Dawa ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa mtambo. Kampuni hupenda kujaza paa lote, lakini mtambo unaofaa ni ule ambao uzalishaji wake wa adhuhuri unalingana na matumizi ya kawaida ya saa hizo. Mteja aombe mita ya kurekodi matumizi kila nusu saa kwa wiki kadhaa kabla ya kukubali ukubwa wowote. Dawa ya pili ni kuandika kiwango cha chini cha malipo, kwa mfano asilimia 75 ya uzalishaji uliokadiriwa, badala ya asilimia 100.

Kuna kosa jingine linaloambatana na hili. Wengi huamini kwamba umeme wa Kenya Power ukikatika, paneli zitaendelea kusagisha mahindi. Mtambo wa kawaida usio na betri hujizima papo hapo, kwa makusudi, ili usipeleke umeme kwenye nyaya ambazo huenda mafundi wanazishughulikia. Mkataba ueleze wazi kwamba saa hizo hazihesabiwi kuwa uniti ambazo mteja ameshindwa kuzitumia.

Dhana: Matengenezo ni yao, kwa hiyo hayatuhusu

Ni kweli kwamba mtambo ukiwa mali ya kampuni, matengenezo huwa juu yake. Hata hivyo, tatizo la mtambo wa jua ni kwamba unaweza kuugua bila mtu kujua. Safu moja ya paneli kati ya nne ikikatika, robo ya uzalishaji hupotea, lakini hakuna mashine itakayosimama, kwani gridi huziba pengo kimyakimya na kumtoza mteja shilingi 24 kwa kila uniti iliyokosekana. Kiwandani Thika vumbi la unga hutua juu ya paneli na kushikamana nazo kwa umande, na hupunguza uzalishaji polepole hadi watu wakazoea.

Kwa hiyo mkataba unahitaji dhamana ya uzalishaji yenye namba ya kila mwezi. Ikiwa kampuni imeahidi asilimia 90 ya makadirio na mtambo ukatoa 75, ilipe tofauti kati ya bei ya gridi na bei ya jua kwa uniti zilizopungua. Mwenye biashara asome mwenyewe mita ya uzalishaji siku ile ile ya kila mwezi, asitegemee ankara peke yake. Uzalishaji ukishuka ghafla hali ya hewa ikiwa ile ile, aulizie safu iliyokatika au inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha mashine. Ukishuka pole pole na kupanda mvua inaponyesha, huo ni uchafu. Kifungu hicho kitaje pia muda wa kurekebisha hitilafu kwa siku, na nani analipa paa likivuja kwenye matundu ya skrubu.

Dhana: Muda mrefu ni sawa, kwa kuwa hatuhami

Mpangaji mwenye mkataba wa jengo wa miaka 6 hawezi kuahidi umeme wa miaka 15. Asipopata idhini ya maandishi ya mwenye jengo, paneli zinaweza kudaiwa kuwa sehemu ya jengo, hasa likiwa limewekwa dhamana benki. Mabati yaliyobakiza miaka michache kabla ya kubadilishwa ni kikwazo vilevile: kushusha paneli na kuzirudisha ni gharama, na mkataba usipoitaja, itamwangukia mteja.

Dhana: Tunaweza kuununua mtambo wakati wowote kwa bei ya masalio

Haki ya kununua huanza mwaka uliotajwa, mara nyingi baada ya mwaka wa tano au zaidi, kwa bei iliyo kwenye ratiba ya bei ndani ya mkataba. Bei hiyo haifuati uchakavu wa paneli; katika miaka ya mwanzo hubeba pia faida ambayo kampuni ingeipata hadi mwisho wa mkataba. Maneno ya kuogopwa zaidi ni yale yanayosema bei itakuwa ile ya ratiba au ya soko, yoyote iliyo kubwa.

Tuseme mwishoni mwa mwaka wa 8 ratiba inasema shilingi 3,000,000, na nyongeza ilikuwa asilimia 2. Kwa miaka 7 iliyobaki kiwanda kingelipa kwa wastani takriban shilingi 1,045,000 kila mwaka, karibu milioni 7.3 kwa jumla, kwa hiyo kununua kunaonekana ni faida kubwa. Lakini mkopo wa milioni 3 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 7 unahitaji marejesho ya shilingi 743,000 kwa mwaka. Matengenezo na bima, ambavyo sasa ni vya mteja, tuvikadirie kuwa 150,000. Inveta nazo, ambazo kwa kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 12, zikigharimu 500,000, ni kama 71,000 kwa mwaka. Jumla ni 964,000. Kinachookolewa ni shilingi 81,000 kwa mwaka, na hitilafu zote zimehamia kwa mwenye kiwanda. Kama bei ingekuwa milioni 2, akiba ingepita 325,000 na hatari hiyo ingestahili kuchukuliwa.

Mwenye biashara ajadili ratiba hiyo kabla ya kutia sahihi, wakati kampuni bado inamhitaji. Adai pia kwamba siku ya kununua, au mkataba utakapoisha na mtambo kukabidhiwa kwake bure, apewe vyeti vya dhamana vilivyohamishiwa jina lake, michoro ya nyaya, na neno la siri la mfumo wa kusimamia inveta. Bila neno hilo hataona mtambo wake unazalisha nini, wala fundi mwingine hataweza kubadilisha mipangilio yake.