Kusasisha BIOS ya madabodi: lini inafaa, lini ni kujitafutia balaa

Kijana mmoja wa Uyole aliniletea kompyuta Mwanjelwa, hapa Mbeya, ikiwa imefungwa kwa shuka. Alikuwa amenunua prosesa ya Ryzen 5 5600 ili aiweke kwenye madabodi yake ya B450, mahali pa Ryzen 3 2200G ya zamani. Akawasha: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. "Kaka, wameniuzia prosesa mbovu," akasema, tayari kuirudisha dukani.

Prosesa ilikuwa nzima, ila madabodi ilikuwa haiifahamu.

Kwenye kila madabodi kuna chipu ndogo, mara nyingi yenye miguu minane, inayobeba programu ya kwanza kabisa kufanya kazi ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Ndiyo inayoamsha prosesa, inaipanga ramu, inatafuta diski, kisha inaikabidhi Windows usukani. Watu tumezoea kuiita BIOS, ingawa kwenye mashine za sasa ni UEFI. Kwa kuwa haikai kwenye diski, hata ukipiga Windows upya mara kumi, yenyewe inabaki vilevile.

Sasa, madabodi za B450 zilitoka 2018, na Ryzen za familia ya 5000 zikaanza kutoka mwishoni mwa 2020. Tundu la prosesa ni lilelile la AM4, kwa hiyo inaingia bila shida. Lakini BIOS ya 2018 haina maelekezo ya kuamsha kitu ambacho hakikuwepo. Hapo ndipo kusasisha kunapofaa kwelikweli: prosesa mpya, ramu inayogoma, au tundu la usalama ambalo mtengenezaji amelitangaza. Kama shida yako ni kompyuta nzito, achana na BIOS, kaangalie diski.

Nilimrudishia prosesa yake ya zamani, ikawaka. Nikafungua `msinfo32`, nikasoma mstari wa `BIOS Version/Date`: ilikuwa ya 2018. Kisha nikasoma jina kamili la madabodi lililochapwa kwenye ubao wenyewe, pamoja na namba ya toleo lake, kwa sababu madabodi mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuhitaji mafaili tofauti. Kwenye ukurasa wa mtengenezaji kuna orodha ya prosesa, na kila moja imeandikiwa toleo la chini kabisa la BIOS inalolihitaji. Soma pia maelezo ya faili lenyewe, maana madabodi nyingine hudai upitie toleo la katikati kwanza. Faili likaenda kwenye fleshi ya FAT32, nikaingia BIOS na kulisasisha kutoka humo humo. Programu za kusasisha ukiwa ndani ya Windows mimi sizipendi. Windows ikiganda katikati, umekwisha.

Hatari yenyewe iko kwenye dakika hizo chache. Chipu haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Kwanza sehemu inafutwa, ndipo inaandikwa. Umeme ukikatika katikati, ya zamani haipo na mpya haijakamilika, na madabodi inabaki kama ile ya kijana: feni tu. Huku kwetu, kuanzia Novemba mvua na radi zikishaanza, sigusi BIOS bila UPS, tena niliyoijaribu kwa kuchomoa waya ukutani.

Ikishakufa, si lazima iende jalalani. Baadhi ya madabodi zina kitufe nyuma, mara nyingi kimeandikwa `Flash BIOS` au `BIOS FlashBack`, kinachosoma fleshi hata bila prosesa. Isipokuwepo, mafundi tunabana chipu kwa klipu ya kifaa kiitwacho CH341A na kuiandika moja kwa moja. Kabla ya kubana, soma namba ya chipu: nyingine ni za volti 3.3, nyingine 1.8, na ukikosea unaichoma.

Ya kijana ilipita salama. Tukarudisha 5600, skrini ikawaka na kuuliza tubonyeze Y kufuta funguo za fTPM, ile sehemu inayotunza siri za kufungulia diski, au N kuziacha, kwa kuwa funguo hizo zilikuwa zimefungamana na prosesa ya zamani. Usibonyeze Y kwa haraka. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker na huna ule ufunguo wa tarakimu 48, mafaili yako ndiyo kwaheri. Yake haikuwa imefungwa, tukabonyeza Y.

Kesho yake akapiga simu, eti magemu yanakwenda pole pole kuliko alivyotarajia. Kusasisha kulikuwa kumerudisha mipangilio yote mwanzo, na ramu zake za 3200 zilikuwa zinatembea kwa 2133. Nikamwambia aingie BIOS, awashe XMP, mpangilio unaoipa ramu kasi yake iliyoandikwa, kisha ahifadhi.