Mkataba ukivunjwa, si lazima mahakama iamuru utekelezwe

Kuna ujumbe unaosema: “Muuzaji akigoma, mahakama itamlazimisha alete mzigo.”

Si kwa bidhaa za kawaida. Tuseme uliagiza magunia 100 ya mahindi kwa 80,000 kila moja, hujalipa, naye akagoma siku ya kupeleka. Bei ya soko siku hiyo ni 95,000, hivyo fidia yako ni tofauti: 15,000 mara 100, yaani 1,500,000. Ukikaa tu hadi bei ifike 110,000, nyongeza hiyo ni juu yako. Kwa Tanzania, soma kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Mkanganyiko hutokana na kesi za ardhi: kiwanja hakina pacha sokoni, kwa hiyo hapo amri ya kutekeleza hutolewa. Ujumbe huo usiusambaze, hasa kwa wanaojiandaa na mtihani.