Kabla ya fainali: "nitampa dripu" si jibu

Katika mtihani wa mwisho wa wanafunzi wa utabibu, swali linalowaangusha wengi si lile la kutaja dalili za ugonjwa. Ni lile linalomweka mgonjwa mbele yao na kuuliza: utamtibuje? Mwanafunzi anatambua vizuri kwamba mtoto ameishiwa maji mwilini, anaandika "nitampa dripu", kisha anahamia swali linalofuata. Sisi tunaosahihisha tunatafuta dripu ya nini, mililita ngapi, kwa muda gani, na atarudi kumwangalia mtoto lini. Mambo hayo manne hayakai kichwani kwa kusoma madesa kimyakimya. Hukaa pale unapolazimika kuyasema kwa mdomo huku mwenzako akisubiri.

Kiongozi mmoja wa darasa la mwaka wa tatu aliwaambia wenzake hayo baada ya kipindi, kwa maneno machache:

"Jamani, sitawachelewesha, najua mnawahi chakula. Fainali imekaribia na bado kila mtu anakesha peke yake chumbani. Naomba tuunde makundi ya watu wanne wanne. Kila jioni kesi mbili tu, zisizidi.

"Mmoja anashika kesi. Ameiandaa mapema kutoka kwenye mwongozo wa matibabu, na hasemi chochote asichoulizwa. Wa pili ndiye tabibu: ana dakika 10 za kuuliza, kupima na kuamua. Wa tatu anaandika kila uamuzi kwa mpangilio huu: dripu ya nini, mililita ngapi, kwa muda gani, na kumwangalia tena lini. Wa nne anashika saa na mwongozo, ila haufungui mpaka muda uishe. Kesho yake tunabadilishana.

"Nitoe mfano. Mtoto wa miezi 14, kilo 8, anaharisha majimaji, leo siku ya pili. Amelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi. Huyu ameishiwa maji sana, kwa hiyo ni Mpango C, ule wa kurudisha maji haraka kwa dripu: mililita 100 kwa kila kilo, yaani 800 za Ringa lakteti. Kwa kuwa ametimiza mwaka, tunaanza na mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, ambazo ni 240. Zinazobaki 560 zinaingia kwa saa mbili na nusu. Angekuwa chini ya mwaka, kiasi ni kilekile, lakini muda ungekuwa saa 1 kisha saa 5. Seti ya dripu ikitoa matone 20 kwa mililita, hizo 560 ni kama matone 75 kwa dakika. Hesabu hiyo ifanyike kwa sauti, isirukwe.

"Hapo mwenye kesi anabana: nusu saa imepita na mapigo ya mkononi bado ni dhaifu sana, unafanya nini? Unarudia zile 240. Na kama mshipa haupatikani, wala hakuna kituo cha karibu cha kumfikisha ndani ya nusu saa? Unapitisha mpira wa puani, unampa ORS mililita 20 kwa kilo kila saa, yaani 160, kwa saa 6. Asiyejua akwame hapa kwetu, tumsaidie. Orodha ya makundi nitaibandika mlangoni. Ambaye hatakuwa na kundi kesho mchana, nitampangia mwenyewe."

Mpango huo ni mzuri, na namba zake ndizo zilizomo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Ningeongeza jambo moja ambalo makundi mengi hulikosa. Mwenye kesi awe na kadi ya pili.

Chukua mtoto yuleyule, kilo zilezile, kuharisha kulekule. Safari hii kadi inasema kwamba mzingo wa mkono wa juu ni sentimita 10.9 na nyayo zote mbili zimevimba, ukizibonyeza kidole kinaacha shimo. Mwenye kesi halisemi hilo mpaka aulizwe. Tabibu asipouliza, ataendelea kwa kujiamini na zile mililita 240, na hesabu yake yote itakuwa sahihi kwa mtoto asiye huyu. Mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na hapo ngozi inayochelewa kurudi na macho yaliyozama haviaminiki tena, kwa sababu mtoto aliyekonda anaweza kuwa navyo hata bila kuishiwa maji.

Kwa mtoto huyu dripu ni kwa ajili ya mshtuko tu, yaani damu isipofika ya kutosha viungoni. Kulegea peke yake hakutoshi. Tunataka pia mikono ya baridi, pamoja na rangi ya kucha iliyobonyezwa kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, au mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Akiwa na mshtuko, anapewa mililita 15 kwa kilo kwa saa nzima, yaani 120, za Ringa iliyochanganywa na glukosi ya asilimia 5. Linganisha: yule wa kwanza alipata 240 kwa nusu saa. Ni mwendo wa mara nne. Moyo wa mtoto mwenye utapiamlo mkali ni dhaifu na mwili wake umeshikilia chumvi nyingi, hivyo maji ya haraka humzidia yakaingia mapafuni. Ndiyo maana unamwangalia kila baada ya dakika 5 hadi 10. Upumuaji ukipanda kwa 5 kwa dakika na mapigo yakapanda kwa 15, unasimamisha dripu. Sukari ya damu nayo hupimwa mapema. Asipokuwa na mshtuko, anapewa ReSoMal, maji ya kunywa ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa wenye utapiamlo mkali, mililita 5 kwa kilo, yaani 40, kila nusu saa kwa saa 2 za mwanzo, kwa mdomo au kwa mpira. Kipindupindu kikishukiwa, tumia ORS ya kawaida.

Muda ukiisha, tazameni karatasi ya mwandishi. Swali la mkono liko mstari wa ngapi? Likiwa chini ya mstari wa dripu, alama zimepotea, na wodini kingepotea kikubwa kuliko alama.

Hatari ya makundi ni kukubaliana makosa. Mwenye sauti kubwa anasema, wengine wanaitikia. Ubishi uishe kwa kufungua ukurasa, na mwaka wa toleo la mwongozo usomwe kwanza, maana dozi hubadilika. Tena kuna mambo ambayo meza haifundishi. Ngozi hufinywa katikati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, kisha inaachiwa; upumuaji huhesabiwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Hayo mkayafanye wodini, mkisimamiwa na muuguzi au mkufunzi.

Kesi isifungwe mtoto anapochangamka. Yule wa kwanza, asiye na utapiamlo, hukaguliwa upya baada ya saa 3 na kuchaguliwa mpango unaomfaa, kisha hubaki chini ya uangalizi walau saa 6 baada ya maji kurudi. Anaondoka na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Tabibu aseme kwa mdomo maneno atakayomwambia mama, kwa Kiswahili cha mama: endelea kunyonyesha na kumlisha, mpe ORS kila anapoharisha, dripu na vipimo vyake ni vya kituoni, na akishindwa kunywa, akilegea au ukiona damu kwenye choo, mrudishe siku hiyohiyo.